Tupeane uzoefu: siku uliyosimama mbele ya mfadhili kuombea mradi wa kijiji, akakuuliza "kitabadilika nini?" ukakosa jibu

Mwana wa Mwalo
Wakuu, habari za jioni. Juzi dada mmoja wa kikundi cha akina mama huku Kigoma ameniletea andiko lao la mradi nilisome kabla hawajalipeleka kwa mfadhili. Kurasa kumi na nne. Neno "kuwezesha" nimelikuta mara kumi na moja. Nikatafuta neno "kilo", halipo hata sehemu moja, na mradi wenyewe ni wa kuanika dagaa. Usingizi ukaniruka, kwa sababu andiko hilo ni kama langu la miaka ile.

Sisi tulikuwa tunaombea chanja 40 kwa ajili ya akina mama 22 waliokuwa wanaanika juu ya mchanga. Mfadhili akakubali kuja kuona. Mimi ndiye niliyepanga siku, nikachagua Jumamosi ili viongozi wote wapatikane. Sikuangalia mwezi. Tunafika mwaloni saa tatu asubuhi na yule mama wa watu, mtu mzima kabisa, ametoka mbali: ufukwe mweupe! Hakuna dagaa, hakuna mwanikaji. Mitumbwi imepandishwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu. Mwezi ulikuwa mpevu, na mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kila mtu wa ziwani anajua hilo. Mimi mtoto wa ziwani nikasahau.

Hakukasirika. Alikaa juu ya mtumbwi akafungua daftari, akaniuliza maswali matatu. Mvua ikinyesha mnapoteza kiasi gani? Nikasema hasara ni kubwa sana. Chanja moja inaanika ndoo ngapi? Nikasema inategemea. Wavu ukichakaa nani atanunua mwingine? Nikasema jamii itashirikishwa. Akafunga daftari, na humo hakuwa ameandika hata neno moja. Akina mama wachache tuliowaita kwa simu walikuja mbio wamevaa kanga za sare, wakaimba, na mimi najua tayari nimeshawakosesha.

Leteni na yenu. Dada huyu andiko linatakiwa mwisho wa mwezi.

Kijana wa Buhigwe
"Inategemea" hiyo imenimaliza na mimi mkuu. Yangu ilikuwa josho la ng'ombe. Siku nikitulia nitaandika.

Shangazi Katonga
Mwanangu, pole. Mimi nimeanika dagaa tangu niko msichana, na kikundi chetu tulipata, ila safari ya pili. Ya kwanza tulikataliwa kama wewe. Ngoja nieleze tulichofanya katikati, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Tulinunua daftari na kuazima mizani ya muuza nyama. Tukapima mwezi mzima, kuanzia giza linapoingia mpaka giza linalofuata. Ukipima wiki ya giza peke yake utamwambia mfadhili mnapata kila siku, na huo ni uongo. Ukipima wiki ya mbalamwezi utajiona maskini kuliko ulivyo.

Kila asubuhi tulichukua ndoo moja ya lita 20 tukaigawa katikati, nusu mchangani, nusu kwenye chanja moja ya kuazima. Dagaa wale wale, jua lile lile. Ndoo yetu ilikuwa na kilo 18 za dagaa wabichi, ikikauka vizuri inatoa kama kilo 5. Sasa sikilizeni kilichotushangaza. Siku za jua, wale wa mchangani walitoka wazito kidogo kuliko wa chanja! Tukaanza kunung'unika kwamba chanja zinatupunja. Mnunuzi alipokuja akawamimina kwenye ungo, akapepeta mara mbili, mchanga ukabaki chini kama chumvi. Uzito wote ule ulikuwa ni mchanga. Akalipa shilingi 8,000 kwa kilo ya mchangani na 10,000 kwa kilo ya chanja. Tofauti ya 2,000 kwa kilo, kwa hiyo ndoo moja ni 10,000.

Chanja yetu ya mita 8 kwa mita moja na robo inabeba ndoo mbili ukitandaza vizuri wasipandane. Lakini hatukumwambia mfadhili ndoo mbili. Daftari lilionyesha kwa wastani mama mmoja anapata ndoo moja kwa siku, na siku za kuanika ni 14 kwa mwezi. Kumi na nne mara 10,000 ni 140,000. Chanja yenyewe, miti, wavu, misumari na fundi, ni 210,000. Karatasi tuliyompelekea ilikuwa moja tu, na mistari yake ni hiyo.

Mnyamwezi wa Sikonge
Shangazi heshima yako, ila mimi nasema ukweli nilioushuhudia. Wafadhili hawatoi hela kwa hesabu, wanatoa kwa roho. Sisi tulipoombea mizinga ya nyuki tulimleta mama mjane mmoja akaeleza maisha yake, akalia, na wageni wakalia. Tulipata mizinga 100 siku ile ile kwa mdomo. Mtu mmoja mwenye jina na uso anashinda jedwali. Tafuteni mama mwenye hali mbaya kuliko wote, na picha za watoto.

Kijana wa Buhigwe
Hapo mzee nakuunga mkono. Namba peke yake haina damu.

Binti Malagarasi
Mzee wa Sikonge, shikamoo, na unisamehe kwa nitakachosema.

Huyo mama mwenye hali mbaya kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi. Si huko kwenu, ni kwetu upande wa Uvinza. Nilikuwa darasa la sita. Walikuja watu wa mradi, wakamwambia avue kiatu, avae ile kanga iliyochanika, akae mlangoni na mdogo wangu mapajani. Wakamuuliza jana mlikula nini. Tulikuwa tumekula ugali na migebuka, mama akasema hivyo, wakamwambia ajaribu kukumbuka siku ambayo hatukula. Akaikumbuka, akalia kweli, kwa sababu siku hiyo ilikuwepo.

Miaka miwili baadaye mwalimu akaja shuleni na kalenda ya ukutani. Mwezi wa nane ni mama yangu. Imeandikwa kwamba ni mjane asiye na chakula. Baba yangu alikuwa hai, yuko Nguruka anafanya kazi. Darasa zima waliona. Baba aliporudi akaambiwa na watu sokoni kwamba ameshakufa. Mama aliacha kwenda kwenye vikao vya kikundi mpaka leo. Na mradi ulijengwa, sikatai, tanki lipo. Yeye hachoti pale. Anapita akaenda mtoni.

Mama Wawili Ujiji
Mungu wangu. Binti, pole sana. Mpe mama salamu zangu.

Kijana wa Buhigwe
Nafuta nilichosema juu.

Mnyamwezi wa Sikonge
Marahaba binti. Sikukusudia kumdhalilisha mtu, wa kwetu alikubali mwenyewe. Lakini bado nasema mtu mmoja aonekane.

Binti Malagarasi
Alikubali nini, baba? Kuzungumza, au kutundikwa ukutani? Hivyo ni vitu viwili. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mtu anatakiwa aelezwe picha yake inakwenda wapi. Mimi namshauri huyo dada: kabla ya kutuma, msomee mama mwenyewe maelezo yake kwa sauti. Akisema "sivyo", futa.

Mwanakijiji Kaliua
Wadau samahani, hizi hela ndiyo zile asilimia 10 za halmashauri? Sisi vijana tunapewa 4 lakini tumezungushwa sana. Fomu zinapatikana wapi?

Mama Wawili Ujiji
Hapana kaka, zile ni mkopo na unarejesha. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Hapa tunazungumzia ufadhili.

Shangazi Katonga
Mzee wa Sikonge na binti, nyote nimewasikia. Sisi tulimweka mtu mmoja pia, lakini tulimweka na daftari lake. Mama mmoja alisimama na ungo wa dagaa wa mchangani na ungo wa dagaa wa chanja, akampa mgeni atafune wa kila upande. Mgeni akasikia mchanga kwenye meno. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini tunataka chanja.

Aliuliza jingine ambalo ndilo nataka dada ajiandae nalo. Alisema: kama chanja ya 210,000 inaleta 140,000 kwa mwezi, kwa nini msikope wenyewe mkalipa kwa miezi miwili? Tulinyamaza. Halafu mama mmoja, asiyejua kusoma, akajibu. Alisema hela ya kununulia dagaa wabichi alfajiri tunapewa na mchuuzi, na anayekupa hela ndiye anayepanga bei. Hata ukianika kwenye chanja anakuchukulia kwa bei ya mchangani. Ile tofauti ya 2,000 ingeingia mfukoni kwake.

Mgeni akasema, basi ombi lenu mmeliandika vibaya. Tukaliandika upya: chanja 10 badala ya 40, na hela nyingine iwe mtaji wa kununulia dagaa, unaozunguka ndani ya kikundi. Ndilo lililopita. Wavu tunaulipia wenyewe, kila ndoo inayopanda chanja inaacha shilingi 500. Kwa ndoo 14 ni 7,000 kwa mwezi, na wavu wa 70,000 unapatikana kwa miezi kumi.

Mnyamwezi wa Sikonge
Shangazi hapo umenigusa. Niseme na mwisho wa mizinga yetu basi. Ripoti yetu ilisema "mizinga 100 imegawiwa". Mgeni akarudi mwaka wa pili, akaomba apelekwe porini, akasikiliza mzinga mmoja mmoja kwa sikio. Yenye nyuki ilikuwa 37. Mingine wenzetu walitundika jua kali bila maji karibu, mingine imejaa mchwa. Hela ya awamu ya pili haikuja. Tungemwambia mapema kwamba tunahesabu mizinga iliyoingiwa na nyuki na kilo za asali, tungeihangaikia ile mingine.

Kijana wa Buhigwe
Mimi nina wasiwasi mmoja na hesabu za shangazi. Ukipima masika kabla ya mradi, ukaja kupima kiangazi baada ya mradi, utaona faida kubwa ambayo ni ya jua, si ya chanja.

Shangazi Katonga
Ndiyo maana tuligawa ndoo moja siku moja, mwanangu. Lakini umenikumbusha jambo linaloniuma. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Ripoti ya nusu mwaka ikaangukia humo. Nusu ya kikundi wakataka tuweke namba za mwaka uliopita, tusije tukaonekana tumeshindwa. Mimi niliandika sifuri miezi yote mitatu na sababu yake. Wapo wenzangu wanaoamini mpaka leo kwamba sifuri zangu ndizo zilizochelewesha awamu iliyofuata. Sijui kama wanakosea.

Mama Wawili Ujiji
Mimi ningeandika sifuri.

Mnyamwezi wa Sikonge
Mimi ningempigia simu kwanza, ndiyo niandike. Sifuri ikifika peke yake kwenye karatasi inatisha.

Mwana wa Mwalo
Asanteni sana. Binti, nitampelekea dada maneno yako kama yalivyo. Andiko tunalirudisha, na tumeshapata mizani. Shangazi, mwisho wa mwezi haututoshi kupima giza mpaka giza. Tuombe kuongezewa muda, au tupeleke tulichopima tu?

Shangazi Katonga
Ombeni muda, na mwambieni sababu ni mwezi wa angani. Akiwa mtu wa kuelewa ataelewa. Jana mwezi umetoka saa nne usiku, wavuvi wanaanza kushusha mitumbwi. Kesho alfajiri muwe mwaloni na ndoo.