Tupeane uzoefu: Unaikaguaje barua pepe ya shukrani baada ya usaili isisikike kama ya kuomba huruma?

Mtunza Ghala: Ndugu zangu, jana nilisailiwa kwa nafasi ya mratibu wa ghala mbele ya jopo la watu watatu, na mwenyekiti akasema majibu yatatoka mwishoni mwa wiki ijayo. Nimeandika barua pepe ya shukrani ambayo bado sijaituma. Mimi naiona ya adabu, lakini mke wangu ameisoma akasema inasikika kama sauti ya mtu anayezama. Naiweka hapa yote mnisaidie kuikagua, na wenye visa vyao wavilete.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba radhi kwa kukusumbua. Ninashukuru sana, tena sana, kwa nafasi kubwa mliyonipa ambayo sikuitarajia. Ninajua wapo wenye sifa kunizidi, lakini ninaahidi sitawaangusha. Niko tayari kupokea mshahara wowote na kuanza hata kesho. Tafadhali sana mnijulishe mapema, kwa sababu matumaini yangu yote yako kwenu."

Asubuhi Njema: Shemeji yetu amesema kweli. Hiyo usiitume.

Fundi Mitambo: Mimi ninaona tatizo ni urefu tu. Andika sentensi mbili, "Asanteni kwa muda wenu, nasubiri majibu," kisha baada ya siku mbili piga simu uwaulize. Barua fupi haiwezi kusikika ya unyonge.

Karani wa Jopo: Kaka Fundi, kuhusu ufupi uko sahihi, ila ufupi peke yake hautoshi. Nimekaa kwenye majopo ya usaili kwa muda mrefu, na nimewahi kusoma barua ya sentensi mbili iliyokuwa ya unyonge kuliko ya ukurasa mzima, kwa sababu sentensi zote mbili zilikuwa za kuomba. Nayo simu baada ya siku mbili, wakati mwenyekiti ametaja wiki ijayo, inaonyesha kwamba msailiwa hakusikiliza alichoambiwa.

Mtunza Ghala, ichukue barua yako sentensi moja moja na uiulize kila moja: je, ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuingia kwenye chumba kile cha usaili? Zako zote tano zingeweza. Hakuna neno hata moja kuhusu ghala, wala kuhusu mlichozungumza. Mjumbe wa jopo akiisoma anabaki na jambo moja tu, kwamba una shida ya kazi, na hilo halimsaidii kuamua chochote.

Kisha angalia kila sentensi inamsema nani. "Wapo wenye sifa kunizidi" unaiona kuwa unyenyekevu, lakini kwa anayesoma umeanza kuwatetea wenzako. "Mshahara wowote" inakugharimu mara mbili: inapunguza thamani yako leo, na ukichaguliwa imekwisha kukufunga mdomo kabla hamjajadiliana.

Mwana wa Watu: Hapo kwenye mshahara sikubaliani nawe, mkuu. Mtu mwenye watoto ana haki ya kusema yuko tayari kwa lolote, na mwajiri mwenye utu atamwelewa. Tunawafundisha watu kuficha njaa yao kana kwamba njaa ni aibu.

Karani wa Jopo: Njaa si aibu hata kidogo, ndugu yangu. Ninachosema ni kwamba jopo halina alama za kutoa kwa ajili ya njaa, kwa hiyo anayeitaja anajianika bila kupata kitu.

Dada wa Masijala: Mada hii imenikumbusha jambo ambalo sijalisimulia popote. Tulifika hatua ya mwisho tukiwa wasailiwa kadhaa, na ofisa aliyetutumia ratiba aliweka anwani zetu zote mahali pa wazi. Jioni baada ya usaili ikaingia barua ya mwenzetu mmoja. Alikuwa amefungua ile barua ya ratiba na kubonyeza kitufe cha kujibu wote, hivyo shukrani zake zikafika kwa jopo na kwetu sisi washindani wake. Alieleza kodi ya nyumba aliyodaiwa, alieleza alivyobabaika kwenye swali la bajeti na jinsi ambavyo angelijibu upya, kisha akamalizia kwamba wengine aliowaona pale kwenye benchi hawakuonekana kuwa na uzoefu. Kabla ya usiku kuisha mmoja wa wale wa kwenye benchi alimjibu, naye kwa wote, kwa maneno makali. Mimi nilizima simu. Kazi ile hakuipata yeyote kati ya hao wawili, na mpaka leo nikiandika barua ya namna hii ninaanza ujumbe mpya kabisa, na anwani ninaijaza mwisho, baada ya kumaliza kusoma.

Fundi Mitambo: Kosa ni la ofisi. Anwani za wasailiwa zilipaswa kufichwa.

Mwana wa Watu: Ofisi ilikosea, lakini kuwasema wenzake aliamua mwenyewe. Hata ingefika kwa jopo peke yake, bado ingekuwa barua mbaya.

Mhitimu Mpya: Samahani wakubwa zangu, je, barua ya maombi inatakiwa iwe kurasa ngapi, na niambatishe vyeti vyote?

Asubuhi Njema: Mdogo wangu, hapa tunazungumzia barua ya baada ya usaili. Hiyo haiambatishwi cheti isipokuwa wamekiomba.

Karani wa Jopo: Turudi kwenye barua yenyewe. Mtunza Ghala, kwenye usaili walikueleza tatizo gani walilonalo?

Mtunza Ghala: Walisema hesabu ya kwenye mfumo hailingani na mzigo ulioko rafuni, na wanagundua mwisho wa mwaka tu. Niliwaambia kwamba ninapofanya kazi sasa tunahesabu sehemu moja ya ghala kila wiki.

Karani wa Jopo: Basi barua yako ni hiyo. Ningeiandika hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, ninakushukuru wewe na wajumbe wa jopo kwa mazungumzo ya jana kuhusu nafasi ya mratibu wa ghala. Nimeendelea kufikiria tofauti mliyoitaja kati ya hesabu ya mfumo na mzigo ulioko rafuni. Utaratibu wa kuhesabu sehemu moja kila wiki, ambao ninausimamia sasa, unaonyesha tofauti hizo mapema, wakati chanzo chake bado kinaweza kufuatiliwa. Mazungumzo yetu yameniongezea hamu ya kuifanya kazi hii. Nitasubiri taarifa yenu mwishoni mwa wiki ijayo kama mlivyoeleza, na mkihitaji maelezo zaidi nitayaleta."

Shukrani imetajwa mara moja. Kujiamini kumetokana na kazi uliyokwisha kuifanya, bila kujisifu. Ombi halimo, kwa sababu tarehe walikwisha kukupa. Itume leo, ndani ya saa 24 tangu usaili, na hakikisha majina na vyeo vimeandikwa sawasawa. Wiki ijayo ikipita kimya, ngoja siku mbili tatu za kazi, kisha uliza mara moja kwa sentensi mbili au tatu, bila kulalamikia ukimya wao.

Mwana wa Watu: Imekaa vizuri, nakiri. Ila "yameniongezea hamu" mimi ningeiondoa.

Dada wa Masijala: Mimi ningeiacha. Asiposema kwamba anaitaka kazi, watajuaje?

Mtunza Ghala: Nashukuruni sana. Limebaki moja: jopo lilikuwa la watu watatu, na nina anwani zao zote. Niandike barua moja au tatu?

Fundi Mitambo: Tatu, ili kila mmoja ajisikie ametambuliwa.

Karani wa Jopo: Tatu ziwe tofauti kweli, kila moja ikigusa alichouliza mhusika, maana wajumbe huonyeshana. Kama huna la kumwambia kila mmoja peke yake, mwandikie mwenyekiti na uwataje wenzake.

Dada wa Masijala: Mimi ningemwandikia mwenyekiti tu.