Choo kinagoma siku za kazi tu, wikendi kinakuja chenyewe. Ni mawazo au nina ugonjwa?

Kipepeo_Mweupe:
Wakuu habari za saa hizi, naomba ushauri na naomba tusichekane maana hii mada ina aibu zake. Nina shida ya kukosa choo tangu nihamishwe kitengo kazini, bosi mpya ni mtu wa kufokafoka na ripoti anaitaka mezani asubuhi na mapema. Siku za kazi naweza kukaa siku tatu nne sijaenda, nikienda nakaa huko na simu mkononi, najikamua mpaka kichwa kinagonga, vinatoka vigololi viwili vigumu halafu nabaki nahisi bado kuna mzigo ndani. Cha ajabu Jumamosi nikiamka bila haraka, nikishakula tu choo kinakuja chenyewe. Chakula kilekile, maji yaleyale. Nikiwa likizo ndio kabisa nasahau kama nina tatizo. Nimepimwa damu na tumbo wakasema niko sawa, nikapewa vidonge vya kuendesha ila vinanisokota tu. Hivi kweli mawazo yanaweza kufunga choo?

Baba_Watatu:
Hapo ni maji tu mkuu. Stresi inakausha maji mwilini ndio maana choo kinakuwa kama jiwe. Kunywa maji ya kutosha mpaka uchoke, kula mboga na matunda, hayo mengine ya mawazo ni hadithi.

SautiYaJuu:
Pole sana ndugu, mimi pia wasiwasi unanitesa, nikiwa na usaili au nikisikia naitwa ofisini tumbo linavuruga hapohapo, nakimbilia chooni hata mara tatu. Kuna vidonge vya kuzuia kuharisha huwa natembea navyo, jaribu na wewe vinatuliza tumbo vizuri sana

Fizio_Nyonga:
SautiYaJuu soma tena swali, mwenzako hapati choo wewe unampa dawa ya kuzuia choo! Kipepeo usiviguse hivyo vidonge, vinapunguza mwendo wa utumbo, vitakufunga zaidi.

Ila kakuonyesha kitu cha kweli, wasiwasi uleule kwa mmoja unaukimbiza utumbo na kwa mwingine unaufunga. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba ya misuli ya nyonga, na hilo la siku za kazi dhidi ya wikendi ndilo swali la kwanza huwa nauliza, maana kama chakula na maji havijabadilika na choo kinabadilika, basi kilichobadilika ni hali yako asubuhi.

Utumbo mpana una saa zake. Ukiamka unaanza kusukuma, na ukila unasukuma tena kwa nguvu zaidi, ndani ya nusu saa hivi, ndio ile haja ya baada ya kifungua kinywa. Sasa wewe saa hiyo uko kwenye ripoti na bosi, mwili uko kwenye hali ya hatari, na mwili ukiwa hivyo hauna muda na choo, haja inakuja kidogo unaibana, inapotea. Kile choo kinarudi kukaa, na utumbo unaendelea kukinyonya maji. Kwa hiyo Baba_Watatu uko sawa kwamba choo kimekauka, lakini kimekauka kwa sababu kimekaa, siyo kwa sababu stresi imemaliza maji mwilini. Kama mtu ana upungufu wa maji ayanywe, ila aliyekwisha kunywa ya kutosha akiongeza mengine atayakojoa tu.

La pili watu hawalijui. Mtu mwenye hofu anakaza mabega, anauma meno, na anabana chini vilevile bila kujua. Ukienda chooni umekaza hivyo unasukuma huku mlango umefunga, ndio maana kichwa kinagonga halafu unabaki na hisia ya mzigo. Jipime hivi: weka kiganja chini ya kitovu, sukuma kidogo. Tumbo likitanuka mbele na chini kukashuka, vizuri. Ukihisi tumbo linaingia ndani na kule chini kunavutwa juu, vilevile unavyobana ukitaka kuzuia hewa mbele za watu, basi unasukuma kinyume.

Usiku_Mrefu:
Naomba niingilie. Mimi siyo wasiwasi, ni sonona, nilifika mahali siku nzima niko kitandani, kula kwenyewe ni kujilazimisha, na choo kikapotea. Nikapewa amitriptilini, usingizi ukarudi na roho ikatulia kidogo lakini choo ndio kikafunga kabisa. Sasa huyo anayesema ukituliza akili choo kinafunguka mbona kwangu imekuwa kinyume?

Fizio_Nyonga:
Usiku_Mrefu pole. Kwako nadhani kuna vitu viwili vimepandana. Sonona peke yake inafunga, mtu hali vizuri, hatembei, hana saa ya kuamka wala ya kula, na utumbo unapenda ratiba. Halafu hiyo amitriptilini kufunga choo ni tabia yake inayojulikana, siyo wewe. Usiikatishe mwenyewe kwa ghafla tafadhali, mwambie aliyekuandikia, anaweza kupunguza dozi au kubadilisha au kukuongezea ya kulainisha. Na muulize kuhusu kupima tezi ya shingo kama haijapimwa, ikilegea inaleta huzuni, uchovu na choo kigumu kwa pamoja, na hapo hata utulize akili vipi haitasaidia.

Kipepeo_Mweupe:
Nimejipima na kiganja, nasukuma kinyume kabisa 😅 Sasa nifanye nini kesho asubuhi?

Fizio_Nyonga:
Amka mapema kidogo ule kwanza, hata kama ni kidogo. Baada ya dakika kama kumi na tano mpaka thelathini nenda, hata kama haja haijapiga hodi. Simu iache nje. Weka kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga, egemea mbele, viwiko kwenye mapaja. Vuta hewa puani taratibu mpaka tumbo litanuke, maana tumbo likitanuka na ile misuli ya chini inashuka. Kisha toa hewa mdomoni polepole zaidi kuliko ulivyovuta, taya limelegea, usibane pumzi. Ukihisi haja ndio unasukuma, huku tumbo limebaki pana. Dakika kumi zikipita hamna kitu inuka uende zako, kesho ipo. Kuendelea kujikamua ndio kunaifundisha misuli kubana.

Na uache kuhesabu siku. Wengi wanaoniona asubuhi wanaamka wanawaza "leo nitapata au sitapata" na hiyo yenyewe inatosha kufunga.

Baba_Watatu:
Kwa hiyo mtu apumue tu atapona? Acheni bana

Fizio_Nyonga:
Sijasema kila mtu. Ukiona damu, unapungua uzito bila sababu, choo kimebadilika ghafla na umri umesogea, au tumbo limejaa unatapika na hata hewa haitoki, hiyo ni hospitali, na hii ya mwisho ni leoleo.

Kipepeo_Mweupe:
Narudi wakuu, wiki kadhaa zimepita. Vigololi vimepungua na kichwa hakigongi tena, ila siku za kikao na bosi bado hola. Vile vidonge niviache?

Fizio_Nyonga:
Kama ni vile vinavyosokota, muulize daktari akubadilishie upewe vya kulainisha kwa muda, siyo vibaya kuvitumia misuli ikiwa bado inajifunza. Na kama hutasogea zaidi ya hapo omba kipimo cha puto. Wanaingiza kiputo kwa njia ya haja kubwa wanakijaza maji kama mililita 50, unaambiwa ukitoe, kwa kawaida mtu anakitoa ndani ya dakika moja hivi. Kikigoma basi kuna mafunzo ya misuli kwa kifaa chenye skrini, unaona kabisa ukibana na ukilegeza. Siyo kila hospitali wanayo ila ulizia.

SautiYaJuu:
na sisi wa kuharisha je, hiyo kupumua inafaa au tufungue uzi wetu?

Baba_Watatu:
Fungueni wenu. Na mnywe maji.