Tabaka lipi lijaribiwe kwanza: lenye ukinzani wa 60 au lenye 8?

Kina_Kirefu:
Habari zenu, wakuu. Tunakaribia kutoboa bomba la chuma katika kisima cha utafutaji wa mafuta, na fedha zilizobaki zinatosha kujaribu tabaka moja tu kabla ya mtambo kuondoka. Tabaka A lipo mita 1,840, gama yake ni 20 API na ukinzani wa kina ni omu-mita 60. Tabaka B lipo mita 1,910, gama yake ni 75 API na ukinzani ni omu-mita 8 tu. Wenzangu wengi wanataka A. Ninyi mngechagua lipi, na kwa sababu gani?

Chokaa_Nyeupe:
Sioni kwa nini jambo hili lijadiliwe. Mafuta hayapitishi umeme, maji ya chumvi yanapitisha, kwa hiyo palipo na ukinzani mkubwa ndipo penye mafuta. Gama ya 20 inaonyesha mwamba usio na mfinyanzi, ilhali 75 inaonyesha mwamba uliochanganyika nao. Jaribuni A.

Bi_Tabaka:
Ndugu Kina_Kirefu, namba ulizotoa hazitoshi kuamua lolote. Mafuta hayapitishi umeme, hilo ni kweli, lakini hata jiwe lenyewe halipitishi. Mwamba uliobana, wenye vitundu vichache, utaonyesha ukinzani mkubwa hata kama kila kitundu kimejaa maji. Tupatie densiti ya matabaka yote mawili, usomaji wa kalipa, mistari ya ukinzani wa karibu na wa kati, na aina ya matope ya kuchorongea. Zaidi ya hayo, je, kisima hicho kina tabaka lolote la mchanga ambalo mna hakika kwamba ni la maji? Bila hilo tutakuwa tunakisia.

Maji_Safi:
Mimi ni mtu wa visima vya maji na ningependa kutahadharisha. Ukinzani wa 60 katika mchanga safi ni dalili nzuri ya maji matamu, kwa hiyo huenda A ni tabaka la maji ya kunywa.

Kuna kisima nilichoshiriki ambacho mchanga ulianza mita 60 hadi 110, na mstari wa gama ulikuwa umenyooka karibu na 30 API kutoka juu mpaka chini. Ukinzani ulikuwa kama omu-mita 80 sehemu ya juu, kisha kuanzia mita 85 ukateremka taratibu hadi 6. Msimamizi wa eneo alitazama gama peke yake, akasema mchanga ni ule ule, akaagiza chujio liwekwe katika mchanga wote. Pampu ilipoanza maji yalikuwa matamu, lakini siku chache baadaye yakaanza kuwa na chumvi, na hatimaye hayakunyweka. Sehemu ya chini ilibidi izibwe kwa saruji, na kisima hakikurudi kutoa kiasi kilichotarajiwa. Logi ilikuwa imeshasema kila kitu: gama haikubadilika, kwa hiyo mwamba ni ule ule, na kilichobadilika ni maji yaliyomo ndani yake.

Bi_Tabaka:
Kisa chako, Ndugu Maji_Safi, kina mantiki hiyo hiyo tunayoihitaji hapa, ingawa katika kina cha karibu kilomita mbili maji matamu si jambo la kulitarajia kwanza. Tumsubiri mwenye kisima.

Kina_Kirefu:
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nikitafuta logi kamili. Densiti ya A ni 2.62, na vipande vya mwamba vilivyoletwa na matope kutoka hapo ni vyeupe na vinatoa povu vikidondoshewa asidi. Densiti ya B ni 2.24. Matope ni ya maji yenye chumvi. Patasi ilikuwa ya inchi 8.5, kalipa inasoma 8.5 katika A na 8.1 katika B. Katika A mistari mitatu ya ukinzani imelaliana kabisa, lakini katika B wa karibu unasoma 5 na wa kina 8. Mchanga wa maji upo: tabaka C, mita 1,975, gama 30, densiti 2.24, ukinzani 1.6, na wa karibu ni kama 2.4.

Bi_Tabaka:
Sasa picha inabadilika. A ni chokaa, na densiti ya 2.62 inampa uwazi wa kama asilimia 5. B na C, nikizichukua kuwa mchanga, zina asilimia 25 kila moja. Tuanze na C kwa kuwa tunajua ni maji: 1.6 ukizidisha kwa mraba wa 0.25 unapata 0.1, na huo ndio ukinzani wa maji ya tabaka. Tuupeleke kwenye A na B kwa kanuni ya Archie:

```
Sw = sqrt(Rw / (phi^2 * Rt))
A: sqrt(0.1 / (0.05^2 * 60)) = 0.82
B: sqrt(0.1 / (0.25^2 * 8))  = 0.45
```

Yaani katika A, asilimia 82 ya uwazi huo mdogo ni maji. Chokaa hiyo ingekuwa na maji matupu ingesoma 40, kwa hiyo 60 haishangazi. B ingekuwa na maji matupu ingesoma 1.6 kama C, lakini inasoma 8, mara tano zaidi.

Tazama pia kalipa. Kisima kimepungua kutoka 8.5 hadi 8.1 penye B kwa sababu maji ya matope yameingia ndani ya mwamba na kuacha ganda ukutani, jambo linaloonyesha kwamba mwamba unapitisha. Katika A hakuna ganda, na mistari iliyolaliana inaashiria kwamba hakuna kilichoingia. Tena katika C mstari wa karibu uko juu ya wa kina, ilhali katika B uko chini yake, jambo ambalo nisingelitegemea kama B ingekuwa na maji matupu. Mimi ningejaribu B.

Chokaa_Nyeupe:
Nakubali hesabu, lakini chokaa ina nyufa. Mwamba wenye uwazi wa asilimia 5 ukiwa na nyufa zilizoungana unaweza kutoa mafuta mengi, na kanuni hiyo haizioni. Halafu gama ya 75 umeiruka.

Bi_Tabaka:
Kuhusu nyufa, ningetarajia matope yaliyopotea wakati wa kuchoronga A. Yalipotea?

Gama sijairuka. Tukichukua 25 kuwa mchanga safi na 125 kuwa mfinyanzi mtupu, 75 iko katikati, lakini hiyo haimaanishi nusu ya mwamba ni mfinyanzi. Mahesabu ya Larionov kwa miamba yenye umri mdogo yanatoa kama asilimia 22. Na kama mchanga una feldispa nyingi yenye potasiamu, gama itapanda bila mfinyanzi wowote. Gama inayotenganisha potasiamu, thoriamu na urani ingesaidia.

Jiwe_Mchanga:
Au ni matabaka membamba ya mchanga na mfinyanzi yaliyopishana, ambayo kifaa kinayasoma kwa pamoja. Hapo mchanga wenyewe una ukinzani mkubwa kuliko 8, na B ni nzuri kuliko hesabu inavyoonyesha. Lakini pia uwazi wa asilimia 25 hautakuwa sahihi. Ndugu, matope yalikuwa na kloridi ya potasiamu? Kama ndiyo, gama yote ya kisima imepandishwa kidogo.

Kina_Kirefu:
Ya potasiamu, ndiyo, ingawa ilikuwa ile ile kwa matabaka yote matatu. Kuhusu matope kupotea, ripoti ya siku tulipopita A inataja upungufu mdogo, lakini haisemi kama ni mwamba au ni kisima kusafishwa. Nitawauliza wachorongaji. Gama ya kutenganisha haikupimwa.

Chokaa_Nyeupe:
Upungufu huo usiupuuze kabla ya kutoboa.

Bi_Tabaka:
Uliza saa hasa ulipotokea, na patasi ilikuwa kina gani.