Kesi ya kaka yangu inasikilizwa wiki ijayo, mie ni shahidi wake. Siku hiyo inakwendaje?

BintiWaChake: Asalaam aleikum. Kaka yangu kashtakiwa kwa wizi wa gunia la karafuu. Alikana tangu mwanzo. Usiku huo alilala kwangu, nami nitamtolea ushahidi. Nataka nikae ndani nisikilize tangu asubuhi. Hatuna wakili.

Mzee_Karani: Waaleikum salaam, mwanangu. Nimekaa mahakamani miaka mingi, basi nisikilize: usikae ndani. Shahidi anasubiri nje mpaka aitwe. Ukiwasikia wenzio kisha ukapanda kizimbani, mwendesha mashtaka atasema maneno yako umeyapanga, na hakimu anaweza kuupunguzia uzito ushahidi wako.

Karani ataita kesi, kaka yako atasomewa shtaka, na akikana mashahidi wa mashtaka wataanza. Kila mmoja anaongozwa na mwendesha mashtaka, kisha kaka yako anapewa nafasi ya kumuuliza. Hapo ndipo wasio na wakili wanapoharibu: wanasema "sina swali", au wanaanza kujitetea. Kama jirani atasema alimwona na gunia usiku, amuulize palepale: ulikuwa umbali gani, taa ilikuwepo, ulimtambuaje? Na amwambie wazi kuwa usiku ule alikuwa kwa dada yake. Akinyamaza sasa na kulitoa jambo hilo mwishoni, litaonekana limetungwa.

Pemba_Kijana: Wakimaliza, hakimu akisema "ana kesi ya kujibu" basi keshapatikana na hatia. Ajitayarishe.

Mzee_Karani: Hapana, kijana. Maana yake ushahidi uliotolewa unatosha kumtaka ajibu. Ukiwa hautoshi, anaachiwa hapo hapo. Akiwa na kesi ya kujibu, atachagua kujitetea au kunyamaza, na ataita mashahidi. Hapo ndipo utaitwa wewe, uapishwe, uulizwe na kaka yako kisha na mwendesha mashtaka. Jibu uliloulizwa tu. Kama hukumbuki saa, sema hukumbuki.

UmmiSaid: Mie kesi yangu ya talaka kwa kadhi iliisha kwa vikao viwili tu, nilikaa ndani muda wote.

Mzee_Karani: Ile ni ya madai, dada, na wewe ulikuwa mwenye kesi. Hii ni ya jinai.

BintiWaChake: Na hukumu itasomwa siku hiyo hiyo?

Mzee_Karani: Mara nyingi la. Shahidi mmoja asipofika, kesi inaahirishwa. Hata ikikamilika, hakimu hupanga siku ya hukumu, naye husoma na sababu zake. Akimtia hatiani, kaka yako ataomba apunguziwe adhabu kabla haijatamkwa. Hapo aseme kama ni kosa la kwanza na nani wanamtegemea. Kisha waulize rufaa mwisho wake lini, siku hiyo hiyo.

BintiWaChake: Mume wangu naye alikuwepo usiku ule. Aje na yeye, au wataona familia tumekubaliana?

Pemba_Kijana: Mmoja anatosha.

Mzee_Karani: Mie ningemleta, lakini naye abaki nje, na msikae pamoja kukumbushana.