Je, shtaka la jinai linatosha kumwachisha mfanyakazi kazi?

Afisa utumishi, Barabara ya Nyerere:
Mtunza ghala wetu alikamatwa Jumanne kwa upotevu wa katoni 46 za mafuta ya kula, na kesho yake akafikishwa mahakamani kwa shtaka la wizi. Amekosa wadhamini, kwa hiyo yupo mahabusu Keko. Mkurugenzi ananitaka niandike barua ya kumwachisha kazi wiki hii. Je, shtaka linatosha?

Mwakilishi wa wafanyakazi, Ubungo:
Halitoshi hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37(5), inakataza kumpa adhabu ya kinidhamu au kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai ambalo kwa kiini ni lile lile, mpaka mahakama iamue na rufaa imalizike. Kinga hiyo huanza mara tu polisi wanapomkamata.

Wakili, Upanga:
Mwenzangu amekitaja kifungu chenyewe, ila mwanzo wa kinga ameuweka mapema mno, kwa sababu kifungu kinazungumzia aliyeshtakiwa wala hakimtaji aliyekamatwa. Mwajiri anayegundua upungufu, akalinganisha leja na hati za kupokelea mzigo, akampa mfanyakazi tuhuma kwa maandishi pamoja na muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, kisha akamsikiliza na kuamua kabla shtaka halijasomwa, hagusi katazo hilo. Nyinyi mlikwenda polisi kwanza, na sasa mlango huo umefungwa kwa tuhuma ya wizi. Kilichobaki ni kumsimamisha kazi kwa mshahara kamili, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaruhusu hilo mpaka kesi na rufaa ziishe.

Mfanyabiashara wa jumla, Kariakoo:
Samahani wakili, lakini hesabu hiyo inaniumiza. Mtu wa mshahara wa shilingi 600,000, kesi ikienda miezi 14, ni shilingi 8,400,000 kwa mtu asiyefanya kazi, na mafuta yangu hayajarudi. Mimi ningesubiri zipite siku tano za kazi bila yeye kuonekana, nikamwachisha kwa utoro. Utoro si wizi, kwa hiyo katazo halinihusu.

Wakili, Upanga:
Siku tano umezipata kwenye mwongozo, ila umeacha maneno yanayozifuata: bila ruhusa au bila sababu inayokubalika. Mwajiri mwenyewe ndiye aliyempeleka polisi na anajua yupo Keko. Akisimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai kwamba hakujua mtu wake alikuwa wapi, ripoti yake ya polisi ndiyo itakayomkana. Mfanyakazi ana siku 30 tangu aachishwe kazi kufungua mgogoro, na ndugu wanaomtembelea mahabusu wanaweza kuanza kufuatilia mapema.

Mwalimu, Temeke:
Mdogo wangu, mtumishi wa halmashauri, alisimamishwa kwa nusu mshahara alipokuwa na kesi. Kwa nini huyu alipwe wote? Na alipoachiwa, waliomwita mwizi hawakumwomba radhi mpaka leo.

Mwakilishi wa wafanyakazi, Ubungo:
Pole sana, Mwalimu. Mdogo wako yuko chini ya taratibu za utumishi wa umma, na nusu mshahara inatoka huko. Kampuni binafsi haiwezi kuiazima. Kuhusu kukamatwa, wakili, nakubali nilikosea.

Afisa utumishi, Barabara ya Nyerere:
Barua ya utoro sitaiandika. Ila katika kukagua nimekuta kwamba kwa miezi miwili hakuwa akisaini kitabu cha kutoa bidhaa, na aliwahi kumpa dereva ufunguo wa ghala. Mahakamani ameshtakiwa kwa wizi, si kwa uzembe. Naweza kumfungulia shauri la uzembe akitoka kwa dhamana?

Wakili, Upanga:
Hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Kama uzembe huo unasimama hata katoni zote 46 zingekuwepo, kwa mfano kutosaini kitabu kwa miezi miwili, nadhani una hoja. Lakini tuhuma ikisomeka kwamba uzembe wake ndio uliopoteza mafuta, utakuwa umeleta wizi ule ule kwa jina jingine, maana mashahidi na leja ni zile zile. Jaribu kuandika tuhuma bila kutaja katoni hata moja. Ukishindwa, subiri hukumu. Hata akiachiwa huru, baada ya hapo unaweza kumsikiliza kinidhamu, kwa kuwa kazini hutakiwi kuthibitisha bila kuacha shaka. Mizania ya uwezekano, yaani kuonyesha kwamba yaelekea zaidi alifanya kuliko kutofanya, inatosha.

Mfanyabiashara wa jumla, Kariakoo:
Na mshahara wa siku za Keko, ambazo hata ungemwita kazini asingeweza kuja? Kanuni inasema mwajiri anaweza kumsimamisha. Kama hajamsimamisha, analipia nini?

Wakili, Upanga:
Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kana kwamba limekwisha. Ninachomshauri afisa ni kuandika barua ya kumsimamisha leo na kuhakikisha imemfikia mkononi huko Keko.