"Mzazi achapishe TU": povu langu kuhusu barua ya kifurushi cha PDF

Mama_Rula (mleta mada)

Wakuu, barua ya shule mmeiona. Aliyeiandika mnamjua, simtaji, ile mihuri miwili kwenye ukurasa mmoja inatosha. Kuanzia wiki hii homuweki haziji tena kwenye daftari. Zinakuja kama kifurushi cha PDF, mara moja, kazi za wiki nzima. Halafu ule mstari wa tatu: "Mzazi achapishe tu, mtoto ajaze kwa kalamu, kisha mzazi apige picha na kurudisha kama PDF moja."

Achapishe TU. Herufi mbili zimebeba printa, wino, karatasi, bando na jioni nzima, na zimeandikwa kana kwamba ni kufungua dirisha!

Kifurushi chenyewe kimefika: kurasa 34, MB 61. Gawanya uone, ni kama MB 1.8 kwa ukurasa mmoja. Ukurasa wa maandishi yaliyochapwa hauwezi kuwa na uzito huo hata ukifungiwa jiwe. Shikilia neno lolote kwa kidole ujaribu kulichagua: halichaguliki. Vuta ukurasa uwe mkubwa: herufi zinavunjika kuwa vijisanduku. Hayo si maandishi, ni picha za kitabu zilizopigwa kwa simu. Kivuli cha mkono kinaonekana ukurasa wa 12, na ukurasa wa 19 una kidole gumba kizima juu ya swali la nne. Mtoto ajibu kidole?

Halafu ukurasa wa 7: "Pima mstari AB kwa rula. Andika jibu kwa sentimita." Mstari uliopigwa picha! Ukiuchapisha kwa printa mbili unapata majibu mawili, na mwalimu ana jibu moja kwenye karatasi yake ya kusahihishia. Mtoto aliyepima vizuri ndiye anayepata mkasi.

Achapishe tu. Sina la kuongeza, ila nitaongeza.

---

Kobe_Mwendo

Povu lote hili kwa neno la herufi mbili? Mleta mada punguza jazba. Faili likiwa zito unaliweka kwenye zip, MB 61 zinashuka mpaka 10, unamtumia na baba yake mtoto, mmemaliza.

---

Fundi_Wino

Kobe, zip inabana vizuri faili la maandishi matupu au jedwali la hesabu. Hizi ni picha za JPEG, na JPEG tayari imeshabanwa tangu simu ilipoipiga. Ukiweka MB 61 kwenye zip utatoka na 60 na kidogo. Na huduma nyingi za barua pepe hukataa kiambatisho kikizidi MB 20 au 25, kwa hiyo bado halitapita.

Kinachopunguza kweli ni kushusha ukali wa picha zilizo ndani. Mwenye kompyuta yenye Ghostscript anaandika hivi:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf
```

Hiyo `/ebook` inashusha picha hadi nukta 150 kwa inchi, ambazo zinatosha kusomeka kwenye karatasi. Usiende `/screen`, inashusha hadi 72 na namba ndogo kama vipeo na sehemu zinakuwa ukungu, mtoto hajui kama ni 3 au 8.

Ila uzito ndio tatizo dogo hapa. Kubwa ni ule weusi. Angalieni ukurasa wowote wa kifurushi hicho: karatasi si nyeupe, ni ya kijivu. Kwenye kioo cha simu haisumbui. Printa haijui kwamba ile ni karatasi ya kitabu, inaona rangi ya kijivu na inaimwagia nukta za wino kuanzia ukingo hadi ukingo. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi la wino kwa kawaida hukadiriwa kwa ukurasa ambao wino umefunika kama asilimia 5. Kijivu hafifu cha asilimia 15 ukijumlisha na maandishi, umefika 20. Kwa hiyo wino uliotegemea utoe kurasa mia nne utakutolea kama mia moja. Hiyo ndiyo "tu" ya mleta mada, na yuko sahihi kuichukia.

Dawa iko kwa anayepiga picha, si kwa anayechapisha. Atumie programu ya kuskani nyaraka badala ya kamera ya kawaida, achague nyeusi na nyeupe badala ya rangi. Programu inakata kingo, inanyoosha ukurasa, na kijivu kinageuka cheupe. Faili nalo linapungua sana. Kwa michoro ya penseli hafifu hiyo nyeusi na nyeupe inafuta mistari, hapo atumie kijivu lakini aongeze mwangaza mpaka karatasi iwe nyeupe.

---

Bibi_wa_Wajukuu

Wanangu, kama hiyo PDF inakataa kuandikwa juu yake, igeuzeni iwe Word halafu mtoto achape majibu. Mimi naona mnajitesa.

---

Mama_Rula

Shikamoo bibi. Haikatai kuandikwa, barua inataka mtoto ajaze kwa kalamu. Na ukigeuza picha kuwa Word unapata picha ile ile ndani ya Word. Tatizo ni ACHAPISHE TU.

---

Bibi_wa_Wajukuu

Marahaba. Basi aandike kwenye daftari namba za maswali na majibu. Nani kasema lazima kila ukurasa uchapishwe?

---

Fundi_Wino

Bibi ana hoja. Katika kurasa 34 zinazohitaji kuchorwa juu yake ni chache: kuunganisha vitu kwa mistari, kupaka rangi, kupima. Zilizobaki mtoto anasoma kwenye simu na kujibu daftarini. Kwenye dirisha la kuchapisha, sehemu ya `Pages`, andika kwa mfano `7-9, 15` na nyingine zinaachwa.

---

Pembe_Nne

Ukurasa wa 7 ni msiba kuliko mnavyodhani. Si mstari peke yake, swali la chini yake ni la pembe. Ukichapisha ndogo, pembe nazo zinapungua. Nyuzi 60 zitakuwa 56. Protrakta zote zitupwe!

---

Chaki_Nyeupe

Pembe_Nne, umepata nusu. Mimi nafundisha hesabu, niruhusuni nieleze kwa sababu hapa ndipo watoto wanapoonewa.

Ukipunguza mchoro sawasawa pande zote, urefu unapungua lakini pembe hazibadiliki. Nyuzi 60 zinabaki 60 hata mchoro ukiwa mdogo kama stempu. Ndiyo maana swali la protrakta linaweza kupita kwenye PDF salama kabisa, na la rula likafa.

La rula linakufa hivi. Mstari AB kwenye kitabu una sentimita 12. Mwalimu ameandaa ukurasa wa A4. Printa ya nyumbani imewekwa `Letter`, ambayo ni fupi kuliko A4: milimita 279 dhidi ya 297. Dirisha la kuchapisha lina tiki kwenye `Fit`, kwa hiyo ukurasa wote unabanwa uingie, na unatoka kama asilimia 94. Zidisha 12 kwa 0.94, mtoto anasoma 11.3. Jirani yake ana A4 lakini `Fit` imemwachia nafasi ya kingo na imeshuka hadi asilimia 97, anasoma 11.6. Wote wawili wamepima sawasawa.

Kwa hiyo mnapochapisha chagua `Actual size` au `100%`, na karatasi iwe ile iliyomo kweli kwenye printa. Halafu msiamini kioo, pimeni. Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri uwekewe na mwalimu mstari wa sentimita 10 pale chini. Ukitoka na 9.4, mtoto agawanye kila kipimo kwa 0.94: 11.3 inarudi 12.

Sasa kwa picha ya simu, hata `100%` haikuokoi, kwa sababu kamera haijui kitabu kilikuwa na ukubwa gani. Na kama simu ilishikwa kwa mshazari, upande wa mbali unakuwa mfupi kuliko wa karibu. Hapo ndipo pembe nazo zinapotoka, Pembe_Nne, na hakuna namba moja ya kugawanyia. Angalia kingo za ukurasa kwenye picha: kama haziendi sambamba, usipime chochote juu yake.

Namtetea mwenzangu kwa jambo moja. Kurudufu kurasa hizo kwa darasa zima ni kazi nzito, na mashine ya shule ikikwama watoto wanakaa bila kazi. Lakini ukurasa wa 7 angeuchora upya kwa dakika tano.

---

Mama_Rula

Asante mwalimu, ila dakika tano hizo hakuwa nazo, na mimi jioni nzima ninayo? Achapishe TU! Angeandika hata "achapishe" peke yake ningenyamaza.

---

Kobe_Mwendo

Usingenyamaza.

---

Pembe_Nne

Sasa hao walimu si wakubali jibu kuanzia 11 hadi 12? Mnasahihishaje?

---

Chaki_Nyeupe

Tukikubali pengo la sentimita nzima, aliyeanza kupima kwenye ukingo wa rula badala ya kwenye 0 naye atapata tiki, na hilo ndilo kosa tunalolitafuta. Kwenye hili hatujakubaliana hata sisi wenyewe.

---

Kipaza_Kimya

Nyinyi mna PDF mnalia? Wa kwetu anatoa homuweki kwa sauti. Dakika tisa, saa nne usiku, na namba za maswali zipo kwenye dakika ya saba baada ya matangazo ya michango. Huwezi kuitafuta namba ndani ya sauti, unasikiliza yote.

---

Mama_Rula

Dakika TISA?

---

Fundi_Wino

Isikilize kwa kasi ya `2x`, na mtoto aandike namba zikitajwa.

---

Kipaza_Kimya

Kwa `2x` "kumi na tatu" na "kumi na nane" zinakuwa kitu kimoja. Watoto watatu wamefanya zoezi la 18 badala ya 13. Na akikosea hafuti, anatuma nyingine ya dakika nne kusahihisha ya kwanza.

---

Bibi_wa_Wajukuu

Huyo wa sauti namjua. Ana jogoo anawika kwa nyuma.

---

Kipaza_Kimya

Ndiye huyo huyo bibi! Saa nne usiku, jogoo anawika!

---

Pembe_Nne

Fungua uzi wake, huyo anastahili wa peke yake.