Mfumo umeandika "Administrator", mkaguzi anataka jina la mtu, na aliyesulubiwa ni mhasibu wa stoo

Mhasibu wa Pugu Road (mwenye uzi)

Wakuu, habari za leo. Naandika nikiwa na hasira ambayo siku tatu za mapumziko hazikuitoa, lakini nitajitahidi kueleza jambo kwa utaratibu.

Kampuni yetu ya vipuri hapa Dar es Salaam inatumia mfumo wa hesabu wa Odoo, toleo la 14. Mwezi Machi 2025 wakaguzi wa nje walipokuwa wakikagua hesabu za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024, walichomoa ankara ya muuzaji namba BILL/2024/11/0038. Risiti ya EFD iliyoambatishwa inaonyesha shilingi 7,500,000 na VAT ya asilimia 18, yaani 1,350,000, jumla 8,850,000. Ndani ya mfumo ankara hiyohiyo inasomeka 9,500,000 na VAT 1,710,000, jumla 11,210,000. Iliingizwa na kuthibitishwa Novemba kwa kiasi sahihi, kisha mtu akairudisha kwenye rasimu, akabadilisha bei, akaithibitisha upya, na Januari ikalipwa kwa kiasi kipya. Tofauti ni shilingi 2,360,000.

Mkaguzi aliuliza swali moja tu: nani alibadilisha? Fundi wa kampuni iliyotufungia mfumo akajibu kwa barua pepe, bila haya, kwamba mfumo huu hauhifadhi historia ya mabadiliko. Huo ni uongo, kwa sababu historia iko chini ya ankara yenyewe na kila mwenye macho anaiona. Ofisa wetu wa TEHAMA alipobanwa akatoa jedwali la Excel lenye mistari hii: saa 22:17:08 ya tarehe 31 Desemba, kutoka `Posted` kwenda `Draft`; halafu kiasi kabla ya kodi kutoka 7,500,000 kwenda 9,500,000; na saa 22:19:40 kurudi `Posted`. Mhusika katika mistari yote ni `Administrator`.

Akaunti hiyo ina nenosiri linalojulikana na watu watatu: ofisa wa TEHAMA, meneja wa fedha na yule fundi. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeitwa. Aliyeitwa ni dada yetu wa hesabu za stoo, kwa hoja kwamba saa nne usiku ya tarehe 31 ni yeye aliyekuwa ofisini akisimamia kuhesabu mali. Alihojiwa saa mbili nzima na alitoka akilia. Sasa naomba wenye ujuzi mniambie: mfumo wa mamilioni unawezaje kujua kila kitu isipokuwa mtu? Na mimi niliyepewa kazi ya kumsaidia mkaguzi, nianzie wapi?

Fundi Hifadhidata

Pole sana, ndugu. Kabla ya yote, muombeni radhi huyo dada, kwa sababu nadhani mmesoma saa vibaya. Odoo huhifadhi muda kwenye hifadhidata kwa saa za UTC, na ni skrini tu inayougeuza kufuata ukanda wa saa wa mtumiaji. Jedwali likichomolewa moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata, halibadilishwi. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 22:17 ya tarehe 31 Desemba ni saa saba na dakika 17 usiku, na tayari ni tarehe 1 Januari 2025. Fungua ankara hiyo kwenye skrini yako, uweke kishale juu ya muda wa ujumbe, utaona mwenyewe. Kisha tazama daftari la mlinzi getini, huyo dada alitoka saa ngapi.

Pili, usikubali jedwali la Excel ulilopewa na mmoja wa watu watatu wanaoshukiwa. Uchomoe upya, mkaguzi akiwa ameketi pembeni. Kwa toleo la 14 swali la kuiuliza hifadhidata ni hili. Weka namba ya ndani ya ankara, ile inayoonekana kwenye anwani ya kivinjari, mahali pa 4417:

```sql
SELECT m.date, m.create_uid, v.field_desc,
       v.old_value_char, v.new_value_char,
       v.old_value_monetary, v.new_value_monetary
FROM mail_message m
JOIN mail_tracking_value v ON v.mail_message_id = m.id
WHERE m.model = 'account.move' AND m.res_id = 4417
ORDER BY m.id;
```

Kijana wa Mifumo

Mbona mnazunguka? Kila rekodi ina `write_uid` na `write_date`. Angalieni hizo mbili kwenye jedwali la `account_move`, aliyebadilisha yuko hapo.

Mhasibu wa Pugu Road

Kijana, nimeangalia. Inaonyesha jina la mtunza fedha wetu na tarehe 6 Januari. Siku hiyo alifungua ankara akaongeza namba ya rejea ya malipo. Ina maana sasa na yeye tumwite tumhoji?

Fundi Hifadhidata

Kijana amesema nusu. Sehemu hizo zipo kweli, lakini zinabeba jina la mwandishi wa mwisho tu. Anayekuja baadaye anamfuta aliyetangulia. Ni kama mlango wenye alama ya mkono wa mtu wa mwisho kuushika. Zinafaa pale ambapo hakuna aliyegusa rekodi tena baada ya tukio.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Kwa kuwa historia ya kiasi ipo, mabadiliko yalipita kwenye programu yenyewe. Mtu mwenye ruhusa ya seva angeweza kuandika `UPDATE` moja kwa moja kwenye hifadhidata, na hapo programu isingejua, wala kusingekuwa na mstari wowote wa historia, na `write_uid` ingebaki ileile ya zamani. Hali hiyo hugundulika kwa kurejesha nakala rudufu ya kabla ya tukio kwenye seva ya pembeni na kulinganisha rekodi kwa rekodi. Kwa hiyo historia yenu si ya kubezwa. Imewapa kiasi cha zamani, kiasi kipya na dakika. Kilichokosekana ni mtu, na hilo mlilikosa wenyewe siku mlipogawana nenosiri.

Mama wa Sinza

Samahani kuingilia. Shida yangu ni kinyume chake. Ankara zangu za mauzo zimekataa kabisa kurudi kwenye rasimu, kitufe hakipo, na mteja anataka jina lake lisahihishwe. Nawezaje kuondoa kizuizi hicho?

Fundi Hifadhidata

Mama, usikiondoe. Jarida lako la mauzo limewekewa `Lock Posted Entries with Hash`, maana yake kila ankara inayothibitishwa hupewa alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo na alama ya ankara iliyotangulia, kwa hiyo ukigusa moja mnyororo wote unakatika. Toa hati ya kupunguza deni, kisha andika ankara mpya. Mwenye uzi angekuwa na kizuizi hicho kwenye jarida lake la manunuzi, tusingekuwa na uzi huu.

Mkaguzi wa Nje, Arusha

Nazungumza kama mtu anayekaa upande wa pili wa meza. Viwango vya ukaguzi, hasa ISA 240, vinatutaka tupime maingizo ya daftari na marekebisho kwa sababu uongozi unaweza kupita juu ya taratibu zake wenyewe. Lakini mkaguzi si polisi. Ninachohitaji ni kiasi kirekebishwe, nijue kama kuna ankara nyingine zilizofanyiwa hivyo, na niandike kwenye barua yangu kwa uongozi kwamba akaunti yenye mamlaka yote inatumiwa na watu watatu. Kwa hiyo badala ya kuishia kwenye ankara moja, chomoa kila ankara ya mwaka huo iliyotoka `Posted` kwenda `Draft`. Hilo ndilo ningeomba mimi.

Na ndugu mwenye uzi, umeangalia tarehe za kufunga kipindi? Ankara ya Novemba inabadilishwaje Januari?

Mhasibu wa Pugu Road

Hapo umenigusa, mkaguzi. Tulifunga Novemba, na mimi ndiye niliyehakikisha. Leo nimegundua kwamba iliyojazwa ni `period_lock_date` peke yake, ambayo huwazuia wahasibu wa kawaida na kuwaacha wenye mamlaka ya juu wapite. `fiscalyear_lock_date`, inayomzuia kila mtu, iko tupu. Hilo ni kosa langu, sitamsukumia mtu.

Lakini sikubaliani nawe kuhusu jina. Kwako suala litaishia kwenye barua kwa uongozi. Huku kwetu kuna mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wenzake.

Fundi Hifadhidata

Basi mtafute mtu kwa jirani zake. Ni nadra aliyeingia usiku ule kuwa alifanya jambo moja tu. Tazama akaunti namba 2, yaani hiyo `Administrator`, iligusa nini kingine karibu na dakika hizo:

```sql
SELECT date, model, res_id
FROM mail_message
WHERE create_uid = 2
  AND date BETWEEN '2024-12-31 21:30' AND '2024-12-31 23:00'
ORDER BY date;
```

Omba pia kumbukumbu za nginx, seva ya wavuti, za usiku huo. Zitakuwa na anwani ya IP ya aliyeingia.

Kijana wa Mifumo

Na ukiona namba za `id` kwenye `mail_message` zimeruka, ujue kuna ujumbe uliofutwa.

Fundi Hifadhidata

Si lazima. Muamala ukifeli katikati, PostgreSQL haurudishi namba uliyokwisha kuichukua, kwa hiyo mapengo ni ya kawaida. Pengo linaweza kukupa sababu ya kulinganisha na nakala rudufu, lakini halithibitishi kitu likiwa peke yake.

Mhasibu wa Pugu Road

Narudi na majibu, wakuu. Tulichomoa mbele ya mkaguzi. Daftari la getini linaonyesha dada wa stoo alitoka saa tano na robo usiku, na baada yake ofisi ilifungwa. Aliyebadilisha aliingia kutoka nje. Kumbukumbu za nginx hazipo, kwa sababu seva yetu huzitunza siku 14 tu na sisi tumeanza kuuliza Machi.

Jirani walipatikana. Saa 22:04 UTC, dakika 13 kabla ya ankara kuguswa, akaunti hiyo ilighairi oda mbili za ununuzi za tawi la Mwanza. Oda hizo ndizo ambazo meneja wa fedha alimwandikia barua pepe ofisa wa TEHAMA mchana wa tarehe 31 akimwomba azighairi. Ofisa anasema hakuzighairi, kwamba alizikuta zimeshaghairiwa alipofungua kompyuta tarehe 2. Meneja anasema hajawahi kuingia kwa akaunti hiyo tangu Juni. Huenda mmoja wao hasemi kweli, na mfumo hauwezi kunisaidia zaidi ya hapo. Fundi wa nje hakunakiliwa kwenye barua pepe hiyo, ingawa sijui kama kuna mtu aliyempigia simu.

Ankara zilizorudishwa rasimu mwaka mzima ni 61. Nimepitia 40, na moja nyingine ina risiti ya EFD isiyolingana, ya muuzaji yuleyule. Mkaguzi ameomba nakala rudufu ya tarehe 30 Desemba irejeshwe kwenye seva ya pembeni, na fundi ametuma gharama yake ya kazi hiyo, jambo ambalo sitalisemea hapa nisije nikafungiwa.

Nenosiri la `Administrator` limebadilishwa jana. Barua ya kumwomba radhi dada wa stoo bado haijaandikwa.